Breve ya RECO haifungui mulango wa uuguzi: tuiwekee ngazi



Kuna swali moja linarudi kila tunapokutana na vijana wenye wanafanya kazi ya RECO, ile ya kujitolea kwa afya ya mugini: «Niko na breve yangu. Nifanye miezi ngapi tena ili niwe muganga?» Tunajibu wazi, hata kama jibu linauma. Kwa leo, mu Kongo, ile breve haikatishi hata mwezi mumoja kwenye masomo ya uuguzi. Ukiwa na breve ya RECO yenye miaka kumi ao ukiwa hujawahi kushika mutoto mugonjwa, mbele ya mulango wa shule ya uuguzi munapanga mustari mumoja. Na kwa sababu watu wengi hawajui hivyo, kuna watu wanaowauzia njia isiyoko.

Yaya yangu, mutoto wa mama mukubwa, anaishi mu milima ya juu ya Katana, upande wa kuelekea Kahuzi. Aliacha masomo nyuma ya mwaka wa ine ya sekondari, mu pedagojia, kwa sababu ya minervali. Mu 2013 watu wa mugini wakamuchagua kuwa RECO. Alifundishwa siku chache, haikufika hata wiki mbili, kisha akapewa breve, kaye ya kuandikia wagonjwa na sanduku la dawa. Tangu siku ile, usiku watu wanagonga kwake, na wanamuita muganga.

Miaka michache iliyopita, mutu akamuambia kwamba mjini kuna shule moja inafanya «pasereli»: miezi tisa, jumamosi na siku ya Mungu, RECO anatoka akiwa muuguzi. Yaya akauza mbuzi mbili, akachukua na zamu yake ya likelemba, akalipa. Miezi tisa ikaisha, wakamupa karatasi yenye rangi nzuri na stampu mbili. Akaileta kwa muuguzi mukubwa wa kituo cha afya chao ili aombe kazi. Yule muzee aliisoma polepole, akamurudishia na kumuambia: «Mwanangu, hii hawawezi kuiandika fasi yoyote. Ulisoma, lakini haukusoma kwenye shule.»

Hatutaji ile shule. Kitu tunachotaka ni kila kijana aelewe kwa nini ile karatasi haikuwa na nguvu, ili asiuze mbuzi zake kwa kitu kama hicho.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu kuna watu wa mjini wanaofikiri RECO ni mutu wa kupita tu na megafoni siku za chanjo. Wako wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wa kuhamasisha: wanapita nyumba kwa nyumba, wanaita wamama kwenye chanjo, wanatafuta wenye kukohoa muda mrefu. Wa pili ni wale wa site ya matunzo mugini. Site inawekwa pahali penye kituo cha afya kiko mbali, zaidi ya kilomita 5 ao saa moja ya kutembea, ao penye muto unakata njia wakati wa mvua. Hapo RECO anatunza watoto wa miezi 2 mpaka miezi 59, kwa magonjwa machache yenye yanaua sana: malaria, kuhara na nimonia. Anapima tena utapiamlo kwa ule mukanda wa rangi wa kuzungushia mukono.

Tazama namna yaya anafanya. Mama anakuja na mutoto wa miezi 10, anakohoa, ana homa. Yaya hashiki dawa kwanza. Anatafuta kwanza alama za hatari: mutoto anaweza kunyonya? Anatapika kila kitu? Alipata kifafa? Analala bila kuamuka? Ikiwa hata moja iko, anaandika fishi ya kumutuma ku kituo, na mutoto anaondoka saa ile ile. Ikiwa hakuna, anafungua shati la mutoto akiwa ametulia, anahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Kwa mutoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 na zaidi ni za haraka. Kwa mwenye mwaka mumoja mpaka mitano, ni 40 na zaidi. Pumzi za haraka zinamaanisha nimonia, anapewa amoksisilini. Kifua kikiingia ndani wakati anavuta pumzi, ile si kazi ya mugini tena, anatumwa. Kisha anachoma kidole, anatia damu kwenye TDR, anangojea dakika zenye zimeandikwa, hata kama mama anasema «unipe tu dawa ya malaria, niende». Mutoto wa kuhara anapewa SRO yenye kuchanganywa na litri moja ya maji safi, na zinki ya siku 10.

Hii ni kliniki. Ni ndogo, ina mipaka, lakini ni kliniki. Kuna wanafunzi wa uuguzi wenye wanafika mwaka wa pili hawajahesabu pumzi za watoto wengi kama yaya.

Basi mbona haihesabiwi? Jibu liko kwenye neno moja: breve ya RECO si ngazi ya masomo. Ni karatasi inayosema kwamba ulihudhuria mafunzo ya programu fulani, mara nyingi kwa musaada wa mufazili fulani, kwa kazi fulani, mu zoni ya afya fulani. Haina masaa yenye kuhesabiwa na shule, haina egzamini ya taifa, haina juri. Mufazili akibadilika, modili inabadilika, na breve nyingine inatoka. Yaya ana breve ine, na zote pamoja hazifanyi hata nusu mwaka wa shule.

Na upande wa pili kuna sheria. Tangu sheria namba 16/015 ya tarehe 15/07/2016, Kongo iko na baraza la taifa la wauguzi, lenye tunaita ONIC. Kabla mutu afanye kazi ya uuguzi, anapashwa kuandikwa kwenye daftari ya ONIC. Na ONIC haiandiki uzoefu, haiandiki sifa nzuri za mugini: inaandika mutu mwenye diplome ya uuguzi iliyotoka kwenye shule inayotambuliwa na Serikali. Mulango wa daftari ni diplome, na mulango wa diplome ni shule. Hakuna dirisha pembeni. Ndiyo maana karatasi ya yaya ilikufa pale ilipofika: waliomuuzia hawakuwa na diplome ya kutoa.

Hapa tuseme pia jambo moja kwa wale wanaofuata mambo ya Kenya, Uganda na Tanzania kwenye simu. Kule kuna kazi inaitwa afisa kliniki, mutu mwenye diploma ya miaka 3 ya udaktari mudogo, anapima, anaandika dawa, na ana daftari lake mwenyewe la kuandikishwa. Kwetu daftari kama hilo haliko. Mu kituo cha afya cha Kongo, mwenye anaketi kwenye meza, anapima mugonjwa na kuandika dawa ni muuguzi, yule tunaita titilere. Kwa hiyo kijana wa Katana mwenye ndoto ya «afisa kliniki» hapaswi kutafuta shule ya jina lile hapa. Kazi ile ile, kwetu, inapita kwenye diplome ya uuguzi na daftari la ONIC.

Sasa milango ya kweli ni mingapi? Ni miwili. Tuipime kwa hesabu ya yaya, mwenye aliishia mwaka wa ine ya sekondari.

Mulango wa kwanza ni ITM, shule ya ufundi wa afya ya ngazi ya sekondari, chini ya Ministeri ya Afya. Inachukua mwanafunzi mwenye amemaliza miaka ya kwanza ya sekondari, inamufundisha miaka 4, darasa na staji, na mwisho kuna juri ya taifa. Anatoka na diplome ya A2. Yaya anaweza kuingia, lakini ile miaka miwili ya pedagojia aliyofanya haimusaidii kitu, maana ni opsio nyingine. Anaanza mwaka wa kwanza, pamoja na watoto wa umri wa kijana wake wa kwanza. Jumla: miaka 4.

Mulango wa pili ni ISTM, kama ile ya Bukavu, shule ya juu ya ufundi wa afya, chini ya Ministeri ya elimu ya juu. Pale wanaomba diplome ya Leta. Zamani ulikuwa unafanya grada ya miaka 3 na kutoka A1, kisha miaka 2 ya lisansi. Tangu LMD iingie, lisansi yenyewe ni ya miaka 3. Yaya hana diplome ya Leta. Anaweza kurudi shuleni kumaliza miaka miwili iliyobaki, ao kujiandikisha kama otodidakte, yaani mutu anayejitayarisha peke yake, anapita kwanza egzamini ya mwanzo ya otodidakte, kisha Egzamini ya Leta pamoja na wengine wote. Akifaulu mara ya kwanza, ni mwaka mumoja ao miwili, kisha 3 za lisansi. Jumla: miaka 4 ao 5, lakini anatoka na ngazi ya juu kuliko A2.

Ukiangalia vizuri, milango hii miwili haitofautiani sana kwa miaka. Inatofautiana kwa maisha. ITM ni darasa la mchana, kila siku, na staji za usiku. Kwa mwenye ana watoto na shamba, ile ni kufunga kila kitu kwa miaka 4. Njia ya otodidakte inamuacha kwenye shamba na kwenye site yake mpaka apate diplome ya Leta. Anasoma usiku, anatoka tu wakati wa egzamini. Lakini nyuma ya hapo, ISTM iko Bukavu, karibu kilomita 50 kutoka Katana, na hakuna mutu anayepanda na kushuka ile njia kila siku kwa franga za likelemba. Anapashwa kupanga nyumba mjini.

Kwa hiyo shauri letu kwa RECO mwenye aliacha masomo ni hili: kama hauna diplome ya Leta na una familia mgongoni, anza na otodidakte. Hata kama pesa ya ISTM haijapatikana, diplome ya Leta haiozi. Kama ungali na umri wa shule na kuna mutu wa kukulipia, ITM ni njia iliyonyooka. Na kama uko na diplome ya Leta tayari, hauna sababu ya kupita kwenye «pasereli» yoyote. Nenda usome kwenye ubao wa ISTM masharti ya mwaka ule: pursantaje wanayoomba, opsio wanazokubali, na kama kuna konkuri.

Namna gani utajua shule ya uongo? Yaya anasema alama zilikuwa pale tangu siku ya kwanza, yeye ndiye hakuzitazama. Ya kwanza ni muda. Hakuna muuguzi wa miezi 9 mu Kongo. Mutu akikuahidi chini ya miaka 3, usikae kusikiliza bei. Ya pili ni staji: muulize ni hospitali gani inapokea wanafunzi wao, kisha nenda ku ile hospitali uulize. Shule ya yaya ilikuwa na chumba kimoja, sindano za kuonyesha na mudoli. Hakuna siku walilala kwenye zamu ya usiku. Ya tatu ni arete: shule inayotambuliwa iko na karatasi ya ministeri yenye namba na tarehe, na haioni haya kuionyesha. Wakikuambia «iko Kinshasa, inakuja», jua haiko. Ya ine, tafuta mutu aliyemaliza pale miaka miwili iliyopita, umuulize swali moja tu: «Namba yako ya ONIC ni gani?» Akikosa namba, rudi nyumbani na pesa yako.

Hayo yote ni ya kujilinda. Lakini sisi hatutaki kubaki kwenye kujilinda. Tunasema pasereli ya kweli inaweza kujengwa, na Katana ni pahali pazuri pa kukumbusha hivyo.

Hospitali yetu tunaiita FOMULAC mpaka leo, na wengi hawajui jina linatoka wapi. Ni Foundation ya matibabu iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Louvain mu 1926 kwa ajili ya Kongo. Ilifanya kazi Kisantu, kule Bas-Congo, na hapa kwetu Katana. Tangu miaka ya 1930, Kongo ya wakoloni ilianza kufundisha Wakongomani kuwa «asistani wa matibabu». Walisoma miaka mingi, walifanya staji, walipima, walipasua, lakini hawakuwa na ruhusa ya kuitwa daktari. Ilikuwa ngazi yenye dari: unapanda mpaka pale, unagonga kichwa.

Uhuru ulipofika mu 1960, Kongo haikuwa na madaktari wake. Madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka. Basi Shirika la Afya la Dunia likatoa burse, makumi ya wale asistani wakatumwa Ulaya, wengi Ufaransa. Na hapa ndipo penye somo. Hawakuanzishwa tena mwaka wa kwanza kama mutoto aliyetoka sekondari. Masomo na kazi yao ya mbele vilihesabiwa, wakajaza kilichokuwa kinakosa, na kwa miaka 3 hivi wakarudi wakiwa madaktari. Hakuna mutu aliyesema ni madaktari wa bei rahisi.

Tusijidanganye, RECO si asistani wa matibabu. Wale walikuwa na miaka ya shule yenye kuhesabika, RECO ana wiki. Lakini njia ya kufikiri ni ile ile: usiulize tu mutu ana karatasi gani, pima anajua nini, kisha umufundishe kinachobaki.

Mufano mwingine uko karibu na wakati wetu. Ethiopia, tangu 2003, ilichukua wasichana waliomaliza darasa la kumi, ikawafundisha mwaka muzima, ikawarudisha migini na mushahara wa Serikali. Wamekuwa zaidi ya 30,000. Na kwa sababu ule mwaka wa kwanza uliandikwa kama ngazi ya taifa ya mafunzo, ilikuwa rahisi kujenga ngazi iliyofuata: mwenye ngazi ya 3 anaongeza masomo, anakuwa ngazi ya 4. Angalia walichoanza nacho. Walianza kwa kuweka muguu wa ngazi kwenye udongo mugumu, yaani masaa, programu moja na egzamini. Sisi tuna wafanyakazi, lakini ngazi yetu inasimama kwenye matope ya breve za wafazili.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tunayaelekeza kwa wenye madaraka ya afya na ya elimu, wa jimbo na wa taifa.

La kwanza, kaye moja ya RECO. Kila RECO wa site tayari anaandika kila mutoto aliyemuona: tarehe, umri, pumzi, TDR, dawa, kama alitumwa. Titilere anakuja kusimamia na kuangalia ile kaye. Basi mwisho wa mwaka atie sahihi kwenye karatasi moja inayosema: huyu alianza tarehe hii, alifundishwa modili hizi, aliona watoto wangapi, alituma wangapi, na nilimuona kwa macho yangu akihesabu pumzi na kufanya TDR vizuri. Haiombi franga mingi. Na hapa hata wewe RECO usingojee sheria: omba ile karatasi mwaka huu kwa titilere wako, na uweke kopi nyumbani. Haitakufungulia ONIC, lakini siku burse ao nafasi ya masomo inatokea, mwenye ana karatasi tano za miaka tano anaongea tofauti na mwenye anasema «nilikuwaka natunza watoto».

La pili, viti na kupunguziwa kwa haki. ITM na ISTM ziweke viti vichache kila mwaka kwa RECO wenye miaka 3 ao zaidi ya kazi iliyotiwa sahihi, wapimwe kwa mikono mbele ya juri, na wale wanaofaulu wasirudilie staji ya afya ya jamii na sehemu ya matunzo ya mutoto mugonjwa. Tunasema hiyo tu, na tunasema kwa makusudi. RECO hachomi sindano, haweki serumu, hazalishi, hahesabu dozi ya mutu muzima, hajui wodi ya waliopasuliwa. Vile vyote asome kama wengine, saa kwa saa. Pasereli inayokata masaa ya dawa na ya uzazi itatupatia wauguzi wa kuua watu, na mutu wa kwanza atakayekufa ni mama wa mugini wetu. Kwa hesabu yetu, kupunguziwa kwa haki kunaweza kuokoa miezi tu, siyo miaka. Lakini miezi ile, kwa mwenye anapanga nyumba Bukavu, ndiyo tofauti ya kumaliza na kuacha.

La tatu, liste ya shule zinazotambuliwa ibandikwe ku kila bireo ya zoni ya afya na ku kila kituo, kwa Kiswahili na kwa Mashi, na ibadilishwe kila mbele ya mwaka wa masomo. Yaya alikuwa anapita mbele ya ukuta wa kituo kila wiki. Karatasi moja pale ingelinda mbuzi zake mbili.

Kuna watu watatuambia: «Mukiwafungulia RECO mulango, wote wataondoka, nani atabaki mugini?» Ni swali la haki. Wengine wataondoka, kweli. Lakini leo wanaondoka pia: wanaenda kwenye karyeri, kwenye biashara ya ndizi, mjini kutafuta kitu, na wakiondoka hivyo tunawapoteza kabisa. Mwenye anaondoka kwa masomo anaweza kufungwa na makubaliano: zoni inamupa kiti, yeye anarudi kufanya miaka fulani mu vituo vya zoni ile. Anajua tayari njia za milima, anajua lugha, na watu wanamujua. Vituo vya juu vinatafuta muuguzi wa namna hiyo, kwa sababu wanaotumwa kutoka mjini wanatafuta mutasio kila mwaka.

Mimi nilimaliza chuo kikuu na ninakaa nyumbani bila kazi. Diplome yangu inatambuliwa kila pahali na haijatibu mutu. Yaya anatibu kila siku na karatasi zake hazitambuliwi fasi yoyote. Siku moja nilimuuliza kama anajuta zile mbuzi. Akacheka, akasema: «Mbuzi nitanunua tena. Kitu kinaniuma, walinifundisha vitu vingine tayari nilikuwa navijua, na vile sikujua hawakunifundisha.»

Sasa anajitayarisha kwa egzamini ya otodidakte. Jioni ninapanda kwake, tunafanya Kifaransa na hesabu kwenye taa ya simu. Katikati ya somo wanagonga mulango, anainuka, anafungua shati la mutoto, ananiambia nishike saa. Ninamuhesabia dakika, yeye anahesabu pumzi. Kisha tunarudi kwenye hesabu ya shule.